Raporo mbili za mkutano mmoja: kamati isichague moja, itengeneze orodha ya maamuzi

Uvira, Kivu Kusini. – Mkutano wa kata unaisha Jumapili jioni, watu wanarudi nyumbani wakisema wamesikilizana. Siku ya Alhamisi sekretere anatoa raporo, kurasa nne za Kifaransa, muhuri chini. Kumbe mama mmoja wa kamati naye alikuwa akiandika katika kaye yake, kwa Kiswahili. Maandishi hayo mawili yanapowekwa pamoja, kwenye mambo mawili matatu hayasemi kitu kimoja. Kuanzia hapo kila upande unashika karatasi yake, feza zinakwama, na kazi iliyofanya watu wakutane inabaki palepale.

Katika hali kama hiyo wengi hukimbilia moja ya njia tatu. Wengine wanasema raporo yenye muhuri ndiyo ya kweli. Wengine wanataka mkutano urudiwe wote tangu mwanzo. Wengine tena wanachukua maandishi yote mawili na kuyaunganisha katika raporo ndefu ya tatu, ambayo kila mtu anaisoma anavyotaka. Njia hizo zote tatu ni mbaya. Kinachofaa ni kuacha raporo zote mbili zilivyo, kisha kutoa ndani yake orodha fupi ya maamuzi: nini kiliamuliwa, nani atakifanya, kwa feza ngapi, na mpaka siku gani. Jambo ambalo haliwezi kuandikwa hivyo, huenda halikuamuliwa kabisa.

Tuchukue mfano wa kamati ya maji, kwa sababu mabomba ya milimani yanayoleta maji kwa kushuka tu ndiyo yanayokutanisha watu mara nyingi. Tangu mto Mulongwe ulipofurika usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, kila mkaaji wa hapa anajua maji ya mvua yanaweza kufanya nini kwa usiku mmoja. Katika mfano wetu, mvua imechukua sehemu ya tiyo juu ya kata. Kamati inahudumia nyumba 120. Statuti zake zinasema uamuzi wa feza au wa kazi unahitaji zaidi ya nusu ya nyumba, yaani 61. Mkutano unaitwa mwezi wa Mei, nyumba 74 zinakuja, na fundi aliyepanda kuangalia tiyo anasoma hesabu: tiyo 12 kwa franga 35 000 kila moja ni 420 000, viungo na gundi pamoja na kusafirisha ni 80 000, kazi ya mikono ni 100 000. Jumla ni franga 600 000.

Raporo ya sekretere inasema kila nyumba italipa franga 5 000 kila mwezi kuanzia Juni, feza zitatunzwa na kamati, asiyelipa atafungiwa robine, na fundi fulani amechaguliwa kufanya kazi. Kaye ya mama mshauri inasema kila nyumba itatosha 5 000, ile 1 000 ya mwezi itaendelea kama zamani, feza zitakaa katika sanduku la kufuli tatu, na kuhusu wasiolipa «watu walisema mengi». Fundi hatajwi. Mistari miwili tu inafanana: kila mwisho wa mwezi mtunza sanduku atasoma hesabu mbele ya watu, na mchango mpya utalipwa kabla ya tarehe 30 Juni, ingawa kwa sekretere tarehe hiyo ni ya mwezi wa kwanza tu.

Mtu mwepesi wa hasira atasema mmoja wao amedanganya. Lakini kabla ya kufika huko, inafaa kuuliza kila karatasi ilizaliwaje. Mkutano ulifanyika kwa Kiswahili, na hapa na pale kwa Kifuliru. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaweka Kifaransa kuwa lugha ya serikali, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Basi sekretere anaandika kwa Kifaransa kwa sababu raporo itapelekwa kwenye ofisi. Alichotoa siku ya Alhamisi si maneno ya Jumapili. Ni tafsiri yake, iliyoandikwa siku nne baadaye kutoka kwenye karatasi ndogo za haraka. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kumwomba ni zile karatasi ndogo, hata kama zimekunjwa na zina matope. Zinaonyesha aliandika nini saa ile ile, na nini kiliongezwa alipokuwa akisafisha.

Hapo ndipo neno «itatosha» linapojieleza. Kwa Kiswahili cha kwetu, kutosha feza ni kutoa. Mtu akisema «kila nyumba itatosha elfu tano», sentensi hiyo haisemi kama ni mara moja au kila mwezi. Watu waliokuwa ndani walielewa kwa sababu walikuwa wametoka kusikia hesabu ya fundi. Sekretere, akiandika peke yake siku ya Alhamisi, alikuwa na mazoea ya mchango wa mwezi, akaongeza «kila mwezi» ili sentensi yake ya Kifaransa ikamilike. Hakuiba kitu. Lakini maneno yake mawili yamegeuza franga 600 000 kuwa franga 600 000 kila mwezi, na mwisho wa Desemba zitakuwa 4 200 000. Mkaaji anayesikia hesabu hiyo bila maelezo ataamini kwamba kuna watu wanataka kula feza zake.

Kazi ya kupatanisha ifanywe na watu watatu tu: wale wawili walioandika, na mtu wa tatu aliyekuwa mkutanoni lakini hakuandika wala hashiki feza. Mwalimu wa kata anaweza, au mzee ambaye pande zote zinamheshimu. Prezida wa kamati asikae hapo, kwa sababu baadhi ya mambo yanayobishaniwa yanahusu mamlaka yake. Yule wa tatu hana kura. Kazi yake ni kuuliza, kuandika jibu, na kukataza swali moja lisiingie: «Ingekuwa vizuri tufanyeje?» Swali hilo ni la mkutano. Hapa kuna swali moja tu: Jumapili ile watu walikubaliana nini?

Watu hawa watatu wapitie jambo moja moja na kulitia katika fungu lake. Kuna mambo ambayo raporo zote mbili zinasema sawa. Kuna mambo ambayo maneno yanatofautiana lakini hayapingani. Kuna mambo yanayopingana kweli. Na kuna mambo yaliyo katika raporo moja tu. Makosa mengi yanatokea kwa sababu watu wanayatendea mafungu haya yote manne kwa namna moja.

Fungu la kwanza linapita haraka. Kusoma hesabu kila mwisho wa mwezi kumeandikwa pande zote mbili, basi kunaingia katika orodha bila majadiliano. Ni vizuri kuanza na hayo, kwa kuwa walioandika wanaona kwamba walikuwa mkutano mmoja.

La pili ni kama lile la sanduku. Raporo inasema feza zitatunzwa na kamati, kaye inasema sanduku la kufuli tatu. Sanduku la namna hiyo linajulikana na mtu yeyote aliyekuwa katika kikundi cha kuweka na kukopeshana: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hakuna anayefungua peke yake. Sentensi moja ni pana, nyingine ni nyembamba, na nyembamba inaingia ndani ya pana. Hapa mwalimu anauliza: «Bwana Sekretere, neno la kufuli ulilisikia?» Akijibu: «Nililisikia, mama, lakini niliona ni jambo dogo, nikafupisha», basi yamekwisha. Orodha inachukua maneno yaliyo kamili zaidi, pamoja na majina ya kazi za wale watatu wanaoshika funguo. Ufupisho ndio ugonjwa mkubwa wa raporo zetu, kwa sababu kile ambacho sekretere anakiona kidogo ndicho kinachowafanya watu walale usingizi.

Fungu la tatu linahitaji ushahidi. Kati ya «mara moja» na «kila mwezi» huwezi kuchukua katikati, wala kuuliza nani ana sauti kubwa. Lakini angalia hesabu ambayo raporo zote mbili zimeiandika bila kubishana: jumla ni 600 000, nyumba ni 120. Gawanya, unapata 5 000 kamili. Mchango ulitoka katika hesabu hiyo, na ukilipwa mara moja tu kazi inalipika. Hakuna mahali popote, katika raporo yoyote, panapoonyesha feza za mwezi wa pili zingefanya nini. Tena sheria ya zamani ya franga 1 000 kwa mwezi haikufutwa na mtu, na sheria ambayo haikufutwa inaendelea. Karatasi ndogo za sekretere nazo zikiwa na «5 000» bila neno «mwezi», jambo limekwisha, na yeye mwenyewe atalikubali bila aibu. Ushahidi wa namna hii una nguvu kuliko kumbukumbu ya watu ishirini, kwa sababu uliandikwa kabla ugomvi haujaanza.

Si kila jambo lina hesabu ya kulitetea. Chukua lile la kufunga robine. Mama mshauri anakumbuka mtu mmoja alisimama akasema: «Inafaa wasiolipa wafungiwe.» Mzee mmoja akajibu kwamba kuna wajane na wakimbizi wa ndani ambao hawana cha kutosha. Shefu wa kata akasema litaangaliwa. Sekretere aliandika lile la kwanza kama uamuzi. Neno «inafaa» linabeba mambo mawili: linaweza kuwa ushauri, linaweza kuwa amri. Likivuka kwenda Kifaransa, mwandishi analazimika kuchagua moja.

Swali la kuuliza hapa ni moja: je, aliyeongoza mkutano aliuliza watu kama wanakubali, na watu wakajibu? Kuinua mikono, kupiga makofi, kusema «ndiyo» kwa pamoja, chochote ambacho ni desturi ya mkutano huo. Kama hakuna kati ya wale watatu anayekumbuka swali hilo kuulizwa, lilikuwa wazo. Kama mmoja anakumbuka na mwingine anakataa, na hakuna maandishi ya siku ile, basi waandike wazi: halijaamuliwa. Wengi wanaona hiyo kuwa kushindwa. Kinyume chake, ni jibu la kweli, na linalinda watu. Wakati jambo linasubiri, hali ya zamani inabaki: hakuna anayefungiwa robine kwa uamuzi ambao nusu ya kata haiutambui. Kumnyima mtu maji kwa sababu ya sentensi inayobishaniwa ni kutafuta vita kati ya majirani.

Hapo kuna mtego mwingine. Wenye raporo ya muhuri wataleta listi ya waliokuwepo: «Angalieni, watu 74 wametia sahihi.» Listi hiyo inazunguka mwanzoni mwa mkutano, wakati hakuna kilichoamuliwa bado, kisha inabanwa nyuma ya raporo baadaye. Inaonyesha nani alifika. Haionyeshi nani alikubali nini. Muhuri nao unaonyesha ofisi iliyopokea karatasi, na shefu aliyeugonga hakuthibitisha kila mstari.

Fungu la nne, mambo yaliyo upande mmoja tu, linadanganya zaidi. Fundi aliyechaguliwa yuko kwa sekretere tu. Mtu wa haraka atasema mama alimficha, au sekretere alimbuni. Lakini kukosekana kwa jambo katika kaye si kulipinga. Kwanza iulizwe kaye iliishia wapi. Ukurasa wa mwisho wa mama una maneno «mvua imeanza», kisha hakuna kitu. Alikwenda kufunika vitu vyake. Raporo ya sekretere inaendelea, na yeye mwenyewe ameandika kwamba «wajumbe 19 waliobaki» walimchagua fundi. Basi sekretere amesema kweli: jambo hilo lilitokea. Ila statuti zinataka 61, na 19 hawafiki. Lilisemwa, liliandikwa sawasawa, lakini si uamuzi wa mkutano. Kulikuwa na mambo mawili ya kupima, kama jambo lilitokea na kama waliolifanya walikuwa na uwezo wa kulifanya, na raporo nzuri inajibu la kwanza tu. Mashirika yasiyotafuta faida yana sheria yao, namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na kila shirika lina statuti. Mara nyingi statuti hizo zinafungiwa ndani ya valizi ya prezida. Siku ya kupatanisha raporo ndiyo siku ya kuzitoa.

Baada ya kazi hiyo, orodha inakuwa na mistari michache ambayo mtoto wa shule anaweza kuisomea nyumba yao:

1. Kila nyumba itatosha franga 5 000 mara moja tu, kwa kutengeneza tiyo, kabla ya tarehe 30 Juni.
2. Mchango wa mwezi wa franga 1 000 unaendelea kama zamani.
3. Feza zinakaa katika sanduku la kufuli tatu. Funguo ni kwa mtunza sanduku, prezida na mama mshauri.
4. Mtunza sanduku anasoma hesabu mbele ya watu kila mwisho wa mwezi.

Yasiyoamuliwa, yanarudi mkutanoni:

a) Wasiolipa watendewe nini. Kwa sasa hakuna anayefungiwa.
b) Nani atakuwa fundi. Kwa sasa hakuna anayepewa feza za kuanzia.

Orodha hiyo iandikwe kwanza kwa Kiswahili, lugha ambayo watu waliitumia kukubaliana, na tafsiri ya Kifaransa iwekwe chini yake kwa ajili ya ofisi. Iandikwe pia kwamba zikitofautiana, ya Kiswahili ndiyo inayofuatwa. Jambo hilo si dogo. Mwaka 1889 mfalme Meneliki wa Pili wa Ethiopia na Italia walitia sahihi mkataba wa Wuchale katika lugha mbili. Kifungu cha 17 kwa Kiamhara kilimruhusu mfalme kupitia Italia katika mambo yake na nchi za nje. Kwa Kiitalia kilimlazimisha. Kila upande ulishika karatasi yake, na ugomvi huo ulikuwa mmoja wa sababu za vita vilivyofika Adwa tarehe 1 Machi 1896. Kata haina majeshi, lakini ina mapanga na majembe.

Walioandika wawili watie sahihi zao, na yule wa tatu kama shahidi. Raporo mbili za zamani zisichanwe wala kusahihishwa kwa biki. Zihifadhiwe pamoja na karatasi ndogo na kaye, kwa sababu siku mtu atakapouliza «mlifikaje hapa?», jibu litakuwa humo. Kisha orodha isomwe kwa sauti mbele ya wakaaji. Kusomwa huko si kupiga kura upya. Mtu anaruhusiwa kusema «hilo halikusemwa» na kuleta ushahidi wake. Haruhusiwi kusema «hilo silipendi tena». Akitaka kubadili uamuzi, aombe uingie katika mambo ya mkutano ujao, na ujadiliwe kama jambo jipya.

Kwa sababu hiyo wanaotaka mkutano wote urudiwe wanakosea. Kurudia kila kitu ni kumpa nafasi ya pili mtu aliyeshindwa Jumapili, na kuwaadhibu wale 74 walioacha mashamba yao wakaja. Kati ya mambo sita, manne yalikuwa yameamuliwa vizuri. Kilichobaki ni mawili, na mkutano wa kuyamaliza unaweza kuchukua saa moja.

Wapo watakaosema shefu wa kata akate maneno. Shefu anaheshimiwa, na ni vizuri apewe nakala. Lakini akichagua raporo moja, upande mwingine utasema amenunuliwa, hata kama amechagua sawa, na kesho kila mkutano utamsubiri yeye. Uzito wake utumike pale unapofaa: kuita mkutano wa yale mawili yaliyobaki, na kuhakikisha nyumba 61 zimefika kabla wingu halijafunga.

Mkutano huo usikawie. Kiangazi ndicho wakati wa kufanya kazi milimani. Mvua zikirudi mwezi wa Septemba au Oktoba na tiyo haijazikwa, zile franga 600 000 zitakuwa zimekaa katika sanduku la kufuli tatu, salama kabisa, huku wamama wakishuka mtoni na bido kichwani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kata yenye madaftari mawili inapoteza pia, na ugomvi juu yake. Kwa mkutano ujao, kabla ya watu kuinuka, sekretere asome maamuzi kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na watu wajibu. Hiyo ni dakika kumi, na ingetosha kuzuia yote yaliyoandikwa hapo juu.